1/x² ikikaribia sifuri: limiti ni ∞, au limiti haipo?

Mwanachuo B

Wakuu, naomba msaada kabla sijakata rufaa. Swali la 4(a) lilisema: "Tafuta limiti ya 1/x² pale x inapokaribia 0, kama ipo." Nikajibu "= ∞". Msahihishaji kapiga mkasi, kaandika pembeni "limiti haipo", maksi sifuri. Nimekwenda kufungua vitabu. Kimoja kinaandika = ∞ halafu mstari unaofuata kinasema limiti haipo. Kingine kinasema limiti ipo na ni +∞. Kama ipo, nimekosa nini? Na kama haipo, hiyo alama ya "=" inafanya nini pale?

Konda wa Namba

Rufaa utashindwa, usijisumbue. Limiti ni namba ambayo fanksheni inaikaribia. ∞ si namba. Fanksheni isiyokaribia namba yoyote haina limiti, kwisha. Hicho kitabu cha kwanza ulichokifungua nadhani ni cha Stewart, maana yeye anatahadharisha waziwazi kwamba kuandika = ∞ hakuifanyi ∞ kuwa namba wala hakusemi kwamba limiti ipo. Ni njia ya kueleza limiti imekosekana kwa namna gani. Msahihishaji wako yuko sawa.

Abuu

Tuache ubishi, infiniti haipo popote. Hata nyota zina hesabu yake, sema tu hatujaimaliza. Sasa kitu kisichokuwepo kitakuwaje jibu la mtihani?

Mwl. Neema

Abuu kaka, hatuzungumzii nyota. Hakuna anayeuliza kama kuna kitu kisicho na mwisho duniani. Swali ni kama sentensi "limiti ni ∞" inahesabika kuwa ni kusema limiti ipo. Mtu anaweza kuamini ulimwengu mzima unaenea kwenye gunia na bado akalazimika kulijibu hilo.

Konda, mbona hujajibu nusu ya pili ya swali lake? Kitabu kingine kinasema ipo. Nacho kimekosea?

Konda wa Namba

Kimelegeza lugha.

Mzee Kipeuo

Konda, hakijalegeza lugha. Kimetumia fasili nyingine, tena iliyokaza sawasawa na hiyo yako.

Tuanze na yako. Inataka L iwe namba halisi. Ukinipa kosa dogo lolote, epsiloni, nikupe umbali kutoka 0 ambamo fanksheni haichepuki kutoka L kupita epsiloni hiyo. Kwa 1/x² hakuna L inayofaa. Ukinitajia 500, nachukua x = 0.01 na fanksheni inanipa 10,000. Ukipandisha hadi 20,000, nasogea tu karibu zaidi. Kwa fasili hiyo limiti haipo, na hapo hatubishani.

Fasili ya pili inageuza mchezo. Nitajie namba kubwa M, nami nikupe umbali ambamo fanksheni *yote* iko juu ya M. Ukisema 10,000, nakupa umbali wa 0.01: kila x iliyo ndani yake, ukiiacha 0 yenyewe, inatoa zaidi ya 10,000. Ukisema milioni moja, nakupa 0.001. Kwa M yoyote chanya umbali ni 1/√M, na uthibitisho umeishia hapo. Hakuna mahali nilipoijumlisha ∞ wala kuigawanya. Nimetumia namba za kawaida mwanzo hadi mwisho.

Sasa iweke kando ya sin(1/x). Hiyo haivuki 1 wala haishuki chini ya −1, lakini kadiri unavyokaribia 0 inagusa 1, inagusa −1, inarudi 1, bila kukoma. Kwa fasili ya kwanza nayo haina limiti. Kwa ya pili pia haina. Kwa hiyo kuna kutokuwepo kwa aina mbili: moja inajua inakokwenda, nyingine haijui. Kitabu kinachosema "ipo, ni +∞" kinataka kuzitenganisha hizo mbili mapema. Kitabu kinachosema "haipo" kinazitenganisha baadaye, kwa kuongeza maelezo.

Na hili si jambo la juzi. Cauchy mwenyewe mwaka 1821, kwenye masomo yake ya uchambuzi, aliandika kwamba kigeu ambacho thamani zake zinaongezeka hadi kuipita kila namba utakayoitaja *kina limiti*, nayo ni infiniti chanya.

Mwanachuo B

Shikamoo Mzee. Kwa hiyo vitabu vimegawanyika makundi mawili, wa "ipo" na wa "haipo"?

Mzee Kipeuo

Marahaba. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kuna waandishi wanaofanya yote mawili ndani ya jalada moja. Mchukue Rudin. Sura ya 3, kwenye mifuatano, anakuruhusu kuandika kwamba mfuatano unaelekea +∞, na hapohapo anakukumbusha kwamba fasili ya limiti na ya kutulia haijaguswa. Mfuatano 1, 2, 3, 4 na kuendelea unabaki kuwa mfuatano usiotulia. Ukifika sura ya 4 anahamia kwenye namba halisi zilizoongezwa +∞ na −∞, anasema jirani za +∞ ni namba zote zilizo juu ya c fulani, kisha anaandika fasili moja ya limiti inayobeba kila kitu: limiti yenye thamani ya namba, limiti ya +∞, x ikielekea 0, x ikielekea +∞. Tangu hapo "limiti ni A" inaweza kuwa na A ambayo ni +∞. Mwandishi ni yuleyule. Kilichobadilika ni seti anayoitafutia jibu.

Wafaransa wana utaratibu ninaoupenda zaidi. Vitabu vyao husema bila kusita kwamba mfuatano fulani una limiti +∞, na sentensi inayofuata husema mfuatano huo hautulii. Hawaoni mgongano, kwa sababu kwao kuwa na limiti ni jambo moja na kutulia ni jambo jingine: kutulia ni kuwa na limiti iliyo namba. Wajerumani nao hutenga jina maalumu kwa mifuatano isiyotulia lakini yenye mwelekeo maalumu, na hiyo +∞ wanaiita limiti, ila wanaitia kivumishi cha kuonyesha kwamba si limiti ya kawaida.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, swali "ipo au haipo?" halijakamilika hadi useme ipo *ndani ya nini*. Ndani ya namba halisi, haipo. Ndani ya namba halisi zilizoongezwa ncha mbili, ipo.

Fundi Kodi

Mimi si mtu wa nadharia, nimeamua kuiuliza mashine. Hii ni SymPy:

```
>>> limit(1/x**2, x, 0)
oo
>>> limit(1/x, x, 0)
oo
```

`oo` ndiyo infiniti yao. Kwa hiyo 1/x² ni ∞, na hata 1/x ni ∞. Kijana chapisha hii uambatanishe na rufaa yako.

Mwl. Neema

Fundi, usimpeleke mtoto wa watu kwenye rufaa na karatasi hiyo. Mstari wako wa pili una mtego. SymPy usipoiambia upande, inakaribia kutoka kulia tu. Ukitoka kushoto, x = −0.001 inakupa −1,000, na x = −0.00001 inakupa −100,000. Jaribu hivi:

```
>>> limit(1/x, x, 0, dir='-')
-oo
```

Kulia inapanda, kushoto inazama. Kwa hiyo 1/x haina limiti pale 0 hata kwa fasili ya pili ya Mzee. Ukinitajia M = 100, huna umbali wowote wa kunipa ambamo fanksheni yote iko juu ya 100, kwa sababu upande wa kushoto yote iko chini ya sifuri. Kwenye 1/x² pande zote mbili zinapanda. Wanafunzi wengi wanaziandika zote mbili "= ∞", na hapo ndipo kalamu nyekundu ina haki.

Fundi Kodi

Nimejaribu. Ni kweli, `-oo`. Nikaendelea nikaweka `dir='+-'`, ikanipa kitu kinaitwa `zoo`. Huyu naye ni nani?

Mzee Kipeuo

Huyo ni infiniti asiye na alama. Mashine imehamia seti ya tatu, ile ya namba changamano zilizoongezewa nukta moja tu ya infiniti, ambapo hakuna chanya na hasi kwa mbali, kuna "mbali" tu. Humo hata 1/x ina limiti pale 0, kwa sababu ukubwa wake, bila kujali alama, unaipita kila M. Watu wa namba changamano wanaishi humo kila siku na hawaoni ajabu. Wanaihitaji ili watofautishe 1/z na e^(1/z): ya kwanza inakwenda kwenye nukta hiyo kutoka pande zote, ya pili haiendi popote.

Umeona sasa, Konda? 1/x² ipo kwenye seti mbili kati ya tatu, 1/x ipo kwenye moja, sin(1/x) ukibaki kwenye mstari wa namba halisi haipo hata moja.

Konda wa Namba

Mzee nakuheshimu, ila umeniongezea silaha. Kitu kinachokuwepo na kutokuwepo kulingana na chumba ulichoingia si kitu cha kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Twende kwenye kazi. Kanuni ya kwanza tunayofundisha baada ya fasili: kama limiti ya f ipo na limiti ya g ipo, basi limiti ya f + g ipo, na ni jumla yao. Chukua f = 1/x². Chukua g = −1/x² + sin(1/x). Kwa lugha yako limiti ya f ipo, ni +∞. Limiti ya g ipo, ni −∞, maana ile sin haina nguvu ya kuizuia −1/x². Zijumlishe. Zile 1/x² zinakatana, inabaki sin(1/x) tupu, ambayo wewe mwenyewe umesema haipo kwa fasili yoyote kwenye mstari. Vitu viwili "vipo", jumla yao haipo. Kanuni imekufa.

Nyingine. Kama limiti ipo, fanksheni ina mpaka karibu na hapo, haiwezi kupaa. Kwa lugha yako nayo imekufa. Fasili inayoua kanuni mbili za wiki ya kwanza sitaiita imekaza.

Mwl. Neema

Hapo Konda umepiga penyewe. Mzee?

Mzee Kipeuo

Amepiga penyewe, na mfano wake ni mzuri, nitauiba. Lakini kanuni ya kujumlisha haijafa. Inaandikwa hivi: limiti ya f + g ni A + B *pale A + B inapokuwa na maana*. 5 + ∞ ina maana, ni ∞. ∞ + ∞ ina maana. ∞ − ∞ haina, basi kanuni inanyamaza, haisemi ipo wala haipo. Rudin anaiandika hivyohivyo baada ya fasili yake ya sura ya 4. Mfano wa Konda umeangukia palepale pa kunyamaza.

Ile ya mpaka, nakubali. Kwenye kanuni hiyo lazima uongeze maneno "limiti iliyo namba". Na si hiyo peke yake. Angalia kipeuo cha tatu cha x pale 0. Ukitafuta mteremko wake, unagawanya kipeuo cha tatu cha h kwa h. h ikiwa 0.001, kipeuo chake ni 0.1, ukigawanya unapata 100. h ikiwa −0.001, unapata −0.1 gawanya kwa −0.001, yaani 100 tena. Ukisogea karibu zaidi inaipita kila namba, kutoka pande zote mbili. Limiti ni +∞ bila mkwaruzo, na grafu inaonyesha tanjenti iliyosimama wima. Lakini kwenye kozi ya kawaida ya kalkulasi utaambiwa fanksheni hiyo haina derivativu pale 0, hata kama mwandishi ni wa upande wa "limiti +∞ ipo". Anaandika tu kwamba derivativu ni limiti hiyo ikiwa ipo *na ni namba*.

Kwa hiyo gharama ipo kila upande. Ukisema "ipo", unalipa kwa kuongeza "iliyo namba" kwenye baadhi ya kanuni. Ukisema "haipo", unalipa kwa kuongeza "au ni ±∞" kwenye nyingine. Hakuna anayekwepa ankara.

Konda wa Namba

Nitajie moja tu ambayo mimi nalipa.

Mwl. Neema

Hiyo niachie mimi, naiona kila muhula. Kanuni ya L'Hôpital.

Kanuni inasema, kwa kifupi: juu na chini zote zinaelekea ∞, chukua derivativu ya juu na ya chini, na kama limiti ya uwiano wa derivativu hizo ipo, basi uwiano wa mwanzo una limiti ileile. Sasa mpe mwanafunzi e^x / x, x ikielekea infiniti. Derivativu ya juu ni e^x, ya chini ni 1, uwiano ni e^x, unaelekea ∞. Mwanafunzi aliyefundishwa na Konda anasema: "∞ maana yake limiti haipo, kwa hiyo masharti ya kanuni hayajatimia, siwezi kuitumia." Anaweka kalamu chini. Kumbe kanuni inaruhusu kabisa jibu la ∞, na e^x / x kweli inaelekea ∞. Ukiweka x = 10 tayari unakaribia 2,203.

Halafu mpe (x + sin x) / x, bado x ikielekea infiniti. Derivativu ya juu ni 1 + cos x, ya chini 1. Uwiano unabembea kati ya 0 na 2 milele. Hapa *kweli* haipo, na kanuni kweli inanyamaza. Sasa mwanafunzi yuleyule, aliyezoea kwamba "haipo" na "∞" ni jina moja, anaandika jibu la mwisho "limiti haipo". Amekosa tena, kwa upande wa pili. Gawanya tu kwa mkono: 1 + sin x / x, ile sehemu ya pili inakufa, x ikiwa 1,000 haiwezi kuzidi 0.001. Limiti ni 1.

Makosa mawili tofauti, chanzo kimoja. Kwenye kanuni hii, "haipo kwa sababu ni ∞" inakuruhusu uendelee, na "haipo kwa sababu inabembea" inakusimamisha. Ndiyo maana vitabu vya upande wa Konda, vikifika L'Hôpital, vinaongeza kimyakimya: "ikiwa limiti ya uwiano wa derivativu ipo, *au ni ∞ au −∞*." Hilo "au" ndilo malipo yako, Konda.

Konda wa Namba

Sawa, hilo nalilipa. Maneno matano.

Chausiku Takwimu

Samahani kuingilia. Mimi niko kwenye takwimu, sijui kama hili ni swali lenu, ila tuna ugomvi huohuo kuhusu wastani.

Tulikuwa na ripoti yenye jedwali, safu mbili, na kwenye kisanduku cha "wastani unaotarajiwa" mtu kaandika "haupo" kwa zote mbili. Nikakataa kusaini. Safu ya kwanza ilikuwa ya aina ya ule mchezo wa sarafu wa akina Bernoulli: rusha hadi kichwa kitokee, kikitokea mara ya kwanza kwenye mrusho wa n unapata alama 2 kwa kipeo cha n. Uwezekano wa hilo ni 1 kwa 2^n, kwa hiyo kila n inachangia alama 1 kamili. Jumlisha: 1, 2, 3, 4, hakuna mwisho. Sisi tunasema wastani huo *upo na ni +∞*. Na una maana ya vitendo: ukiucheza mara nyingi, wastani wa ulichopata unapanda bila kukoma, ingawa kwa mwendo wa konokono. Michezo 1,000, tarajia kwenye eneo la 10. Michezo milioni moja, kwenye eneo la 20.

Safu ya pili ilikuwa mgawanyo wa Cauchy. Huo una mkia mzito kulia na mwingine uleule kushoto. Upande wa chanya unatoa +∞, upande wa hasi unatoa −∞, na ukitaka wastani unaambiwa ∞ − ∞. Hapo tunasema wastani haupo. Na kweli, ukichukua sampuli milioni na kutafuta wastani wake, matokeo yanarukaruka sawasawa na sampuli moja. Haupandi, haushuki, hautulii.

Ukiandika "haupo" kwenye visanduku vyote viwili, msomaji hajui kama hasara yake inapanda bila kikomo au kama namba aliyopewa haina maana yoyote.

Mzee Kipeuo

Binti yangu, hilo ndilo swali letu hasa. Tena mgawanyo wako wa Cauchy umeangukia palepale pa mfano wa Konda: +∞ na −∞ zimekutana, kanuni imenyamaza. Kwenye nadharia ya vipimo watu walishaamua zamani. Kwa fanksheni zinazopimika zisizo na thamani hasi, integrali ipo *daima*, ikiwa namba au ikiwa +∞, na neno la kusema ni namba wameliweka pembeni peke yake. Wangefuata lugha ya Konda, kila kanuni yao ya kubadilishana limiti na integrali ingekuwa na mkia wa kesi mbili.

Konda wa Namba

Basi tugawane. Takwimu na vipimo chukueni "ipo". Kalkulasi ya mwaka wa kwanza niachieni "haipo". Mwanafunzi akiona "limiti ipo, ni ∞" mwezi wa kwanza, mwezi wa pili atakuandikia ∞ / ∞ = 1 na ∞ − ∞ = 0. Nimesahihisha karatasi za kutosha za aina hiyo.

Mwl. Neema

Na mimi nimesahihisha za aina yangu. Hatutamalizana leo.

Turudi kwa kijana. Mwanachuo, msimamo wangu kwenye maksi ni huu. Aliyeandika "limiti haipo, fanksheni inaelekea +∞ kutoka pande zote mbili" anapata zote kwa fasili yoyote. Aliyeandika "= ∞" tupu simnyimi zote, maana amesema jambo la kweli lenye habari zaidi ya "haipo", ila swali lilikuwa na maneno "kama ipo" na yeye hakuyagusa. Nakata moja.

Mzee Kipeuo

Mimi sikati. "= ∞" inamjibu "kama ipo" kwa fasili ya pili, na aliyeandika "haipo" tupu ndiye aliyenificha kama anajua 1/x² inapaa au inabembea. Ningemkata yeye.

Lakini kabla ya rufaa, kijana, nenda kwenye notisi za kozi utafute fasili iliyotolewa darasani. Hoja yako yote iko hapo. Kama fasili inasema L ni namba halisi na hakuna kingine, Konda ameshinda kwa kesi yako hata kama hajashinda kwa hesabu.

Mwanachuo B

Nimezifungua. Ukurasa wa 11: "limiti ni namba halisi L ambayo…" Nikataka kufunga. Ukurasa wa 14 kuna kichwa cha habari "Limiti zenye thamani ya infiniti", na chini yake ile ile fasili ya M ya Mzee, mfano wa kwanza ni 1/(x − 2)², jibu limeandikwa "limiti ni +∞". Halijasema ipo, halijasema haipo.

Na nilisahau kuwaambia: 4(b) ilikuwa 1/x, maneno yaleyale. Hiyo niliandika "haipo, kulia +∞, kushoto −∞", nikapewa zote.

Mzee Kipeuo

Mbona hukusema mapema! Basi una hoja. Karatasi yako inaonyesha unajua tofauti ya (a) na (b), na umeifuata lugha ya ukurasa wa 14 neno kwa neno. Andika hivyo, mistari mitatu, ambatanisha ukurasa.

Konda wa Namba

Haina nguvu. Mwongozo wa kusahihisha unasema (a) haipo na (b) haipo. Kwa fasili ya darasani zote mbili ni sahihi.

Mwl. Neema

Fasili ya ukurasa upi?